Kusoma Mchoro wa Mzunguko wa Kimelea cha Malaria: Historia ya Mishale Yake na Mahali Kinga Inapoukata

Ikisiri

Mchoro wa mzunguko wa kimelea cha malaria huchapishwa katika vitabu vya shule, miongozo ya wahudumu wa afya na nyaraka za sera kana kwamba ulizaliwa mzima. Makala haya yanafuatilia namna ulivyokusanywa kipande kwa kipande kati ya mwaka 1880 na 1948, kisha yanaonesha kwamba umbo lake la duara lenye mishale inayolingana linaficha jambo ambalo mpangaji wa kinga analihitaji kuliko majina ya hatua, yaani muda ambao kila mshale huchukua. Hoja hiyo inapimwa kwa majaribio mawili ya miaka ya 1950 na 1960 katika Afrika Mashariki, moja la Pare na Taveta na jingine la Kigezi, ambayo yalikata mzunguko mahali pamoja yakapata matokeo tofauti.

Utangulizi

Mwaka 1898 Robert Koch, mtafiti Mjerumani wa vijidudu, alitoa taarifa ya uchunguzi alioufanya katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ndani yake alieleza kwamba wakazi wa milima ya Usambara waliogopa kushuka nyanda za chini kwa sababu waliporudi nyumbani waliugua homa. Homa hiyo waliiita mbu. Walipoulizwa sababu yake, walijibu kwamba huko chini kuna wadudu wanaouma, nao wanaitwa mbu. Jina moja lilibeba ugonjwa na mdudu kwa pamoja, katika mwaka uleule ambao wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama mdudu huyo anahusika au la.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ili kuonesha kwamba maarifa ya wenyeji yalitangulia maabara. Hilo ni kweli kwa sehemu, lakini si jambo la kusherehekea kupita kiasi. Anayejua kwamba mbu huleta homa amejua mwanzo na mwisho wa njia, na hajui bado kinachotokea katikati. Hata hivyo kuna kitu kingine katika maelezo ya Wasambaa ambacho wasimulizi hukipita haraka. Mtu alishuka, akaumwa na mbu, akarudi mlimani, ndipo akaugua. Maelezo hayo yana muda ndani yake, na pia yana mwinuko: chini ugonjwa uliambukizwa, juu haukuambukizwa. Mambo hayo mawili, muda na mwinuko, ndiyo ambayo mchoro wa leo huyaacha nje.

Mchoro wenyewe unajulikana. Upande mmoja amechorwa mtu, upande wa pili mbu, na katikati kuna mstari unaovukwa na mishale miwili. Mshale wa kwanza unatoka kwa mbu kwenda kwa mtu, ukibeba sporozoiti zilizo katika mate. Ndani ya mtu vimelea hupita kwenye ini, hutoka humo vikiwa merozoiti, huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaliana na kuzipasua. Baadhi yao hugeuka kuwa gametosaiti, za kiume na za kike. Mshale wa pili unazirudisha hizo kwa mbu anapofyonza damu. Tumboni mwa mbu jinsia mbili hukutana, yai lililorutubishwa hupenya ukuta wa tumbo na kujijengea kifuko, kifuko kinapasuka, na sporozoiti mpya husafiri hadi kwenye tezi za mate. Hapo duara limefungika.

Msomaji akiyatazama haya kwa mara ya kwanza huona hatua saba au nane zenye uzito sawa. Karibu kila anayechora vilevile huweka picha ya chandarua juu ya mshale wa kwanza, kidonge juu ya damu, na dimbwi lililofukiwa mahali fulani karibu na mbu. Ni kwa kurudi nyuma na kuona jinsi kila mshale ulivyopatikana ndipo inabainika kwamba hatua hizo hazina uzito sawa hata kidogo.

Mshale uliochorwa kwanza

Tarehe 6 Novemba 1880, huko Konstantini nchini Aljeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliona chini ya hadubini kitu kinachochezacheza katika damu ya askari mgonjwa. Kutoka kwenye mwili wa mviringo zilichomoza nyuzi nyembamba zilizopiga huku na huku kwa nguvu, zikizisukuma chembe za damu zilizokuwa jirani. Alitambua mara moja kwamba kitu hicho ni kiumbe hai.

Laveran hakujua kwamba alichokiona hakikupaswa kutokea ndani ya mtu. Nyuzi zile ni chembe za kiume za kimelea, nazo hutoka pale damu inapoacha joto la mwili na kuingia katika tumbo la mbu. Kioo cha hadubini kilikuwa kimefanya kazi ya mbu bila mtu kukusudia: damu ilipoa, mazingira yalibadilika, na kwa dakika kadhaa gametosaiti za kiume zikadhani zimekwisha kuvuka. Kwa hiyo kipande cha kwanza kabisa cha mchoro kilikuwa ni kile cha mpakani, na kilichorwa upande usio wake. Ilichukua miaka 17 hadi William MacCallum, akichunguza kimelea cha ndege mwaka 1897, alipoona uzi mmoja ukiingia katika chembe ya kike na kuelewa kwamba hiyo ni ndoa, si dalili ya kufa kwa kimelea kama baadhi ya wataalamu walivyodhani.

Mwaka huohuo Ronald Ross alikuwa Sikandarabadi, India, akiwapasua mbu mmoja baada ya mwingine. Tarehe 20 Agosti aliona katika ukuta wa tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa siku nne zilizotangulia vifuko vyenye punje nyeusi kama zile za kimelea cha malaria. Siku iliyofuata alimpasua mbu mwingine wa kundi hilohilo akakuta vifuko vimekuwa vikubwa zaidi. Tofauti hiyo ya siku moja ndiyo iliyompa uhakika, kwa kuwa kitu kinachokua ni kitu kinachoishi. Mwaka 1898, akiwa Kalkuta na akitumia malaria ya ndege, alizifuata sporozoiti hadi kwenye tezi za mate na kuwaambukiza shomoro wazima kwa kuumwa na mbu. Kabla mwaka huo haujaisha, Giovanni Battista Grassi na wenzake jijini Roma walionesha mzunguko huohuo kwa binadamu, na kuthibitisha kwamba ni mbu wa jenasi ya anofelesi pekee wanaoubeba.

Kufikia mwaka 1900, basi, nusu ya mbu ilikuwa imekamilika. Nusu ya mtu ilionekana kuwa imekamilika pia, nayo haikuwa hivyo.

Nusu mbili, sera mbili

Mara tu duara lilipofungwa, waliolisoma waligawanyika. Ross aliona kwamba njia ya mkato ni kumwondoa mbu, naye akapeleka fikra hiyo Fritauni, ambako vikosi vilitumwa kufukia madimbwi na kumwaga mafuta juu ya maji yenye viluwiluwi. Koch aliisoma picha ileile kutoka upande wa pili. Kwa kuwa mbu hazaliwi na kimelea bali hukipata kwa mtu, mtu akisafishwa damu yake mbu atabaki mdudu msumbufu asiye na sumu. Kuanzia mwaka 1901 mpango huo ulijaribiwa Dar es Salaam chini ya Daktari Ollwig: wakazi walipimwa damu kwa hadubini, na waliokutwa na vimelea walipewa kwinini.

Mpango huo ulipunguza wagonjwa lakini haukuumaliza ugonjwa. Zipo sababu za kawaida, kwa mfano kwamba mji wa bandari hupokea watu wapya kila siku na si kila mtu hujitokeza kupimwa. Lakini sababu mojawapo imo ndani ya mchoro wenyewe. Kwinini huua vimelea vinavyozaliana katika chembe nyekundu, yaani vile vinavyoleta homa. Gametosaiti zilizokomaa za Plasmodium falsiparamu, ambayo ndiyo aina kuu katika ukanda huu, haziguswi na kwinini. Mgonjwa aliyemaliza dozi alipata nafuu, akarudi kazini, na bado alikuwa na kitu cha kumpa mbu. Mshale wa pili haukukatwa. Kilichokatwa ni tawi la pembeni linalomrudisha mgonjwa kwenye homa.

Hapa pana somo kuhusu maneno. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingi, kupona ni kukosa homa. Katika mchoro, kupona na kuacha kuambukiza ni mambo mawili yaliyo kwenye mishale tofauti, na umbali kati yao unaweza kuhesabiwa. Gametosaiti za falsiparamu huhitaji takriban siku 10 hadi 12 ili zikomae. Mtu anayetibiwa siku ya kwanza ya homa hutibiwa kabla ya nyingi kati ya hizo kukomaa, ilhali anayengoja wiki mbili anatibiwa zikiwa tayari. Dawa mseto za leo hushambulia gametosaiti changa vizuri zaidi kuliko kwinini, lakini zilizokomaa huweza kusalia. Ndiyo maana mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba katika maeneo fulani, hasa yanayokaribia kuutokomeza ugonjwa, mgonjwa aongezewe dozi moja ndogo ya primakwini. Dozi hiyo haimsaidii mgonjwa mwenyewe kupona. Inamlinda jirani yake, kwa kupitia mbu.

Pengo la miaka hamsini

Mwaka 1903 Fritz Schaudinn, mtaalamu wa Kijerumani mwenye sifa kubwa, alitangaza kwamba ameona kwa macho yake sporozoiti ikiingia moja kwa moja katika chembe nyekundu ya damu. Kwa tangazo hilo mshale wa kutoka mate ya mbu hadi kwenye damu ukachorwa, mnyoofu na mfupi, na ukabaki vitabuni kwa zaidi ya miongo minne. Haukuwa wa kweli.

Dalili za kosa zilikuwepo muda wote. Kati ya kuumwa na kuugua hupita siku kadhaa ambazo damu haioneshi kimelea chochote. Wanaotumia kwinini kila siku kama kinga waliambukizwa pamoja na hayo, na homa ilijitokeza walipoacha dawa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Neil Hamilton Fairley na wenzake huko Cairns, Australia, walilipima jambo hili kwa watu waliojitolea. Damu ya mtu aliyeumwa na mbu wenye vimelea ilipohamishiwa kwa mtu mwingine katika nusu saa ya kwanza, iliweza kumwambukiza. Baada ya hapo haikuambukiza tena kwa siku kadhaa. Katika falsiparamu ilianza kuambukiza upya baada ya siku sita hivi. Kimelea kilikuwa kimeondoka katika damu, kikakaa mahali, kisha kikarudi.

Mahali hapo palipatikana kwa hatua ambayo sehemu yake ilifanyika Kenya. Cyril Garnham, aliyefanya kazi ya tiba huko tangu mwaka 1925, aliikuta mwaka 1947 hatua ya ini ya kimelea cha nyani kinachofanana na vile vya malaria. Alipohamia London alishirikiana na Henry Shortt, na mwaka 1948 walimwambukiza nyani mmoja kwa kutumia mbu wapatao mia tano, ili kama kuna kitu mwilini kiwe kingi kiasi cha kuonekana. Siku ya saba walivikuta vimelea katika ini. Muda mfupi baadaye hatua hiyo ilioneshwa kwa binadamu pia.

Idadi ile ya mbu mia tano inaeleza kwa nini pengo lilidumu. Mbu mmoja humwachia mtu sporozoiti makumi machache tu, na si zote zinazofika kwenye ini. Kutafuta vitu kumi au ishirini katika ini zima la binadamu ni kazi isiyo na matumaini. Lakini kila kimoja kinachofaulu huzaa ndani ya siku sita au saba merozoiti makumi ya maelfu, na hao hutoka pamoja. Mzunguko mzima, kwa hiyo, si bomba lenye upana mmoja. Ni njia yenye mahali pawili pembamba sana. Pa kwanza ni hapa, kati ya mate ya mbu na ini. Pa pili ni ukuta wa tumbo la mbu, ambako kati ya vimelea vingi vilivyonyonywa pamoja na damu ni vichache mno vinavyojenga vifuko. Mbu wa porini aliyeambukizwa mara nyingi hukutwa na vifuko visivyozidi vitano.

Chanjo mbili zilizokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, ya kwanza Oktoba 2021 baada ya majaribio ya utoaji nchini Kenya, Ghana na Malawi, na ya pili Oktoba 2023, zimewekwa mahali pa kwanza pembamba. Zinaufundisha mwili kuitambua protini iliyo juu ya sporozoiti. Uchaguzi huo una mantiki: ni rahisi kuzuia ishirini kuliko kuzuia mamilioni. Lakini mchoro huohuo unaeleza pia udhaifu wake. Sporozoiti moja ikiponyoka inatosha, kwa kuwa kinachotoka kwenye ini hakivai tena protini hiyo, na kinga iliyofundishwa haikitambui. Mshauri wa sera anayeuliza kwa nini mtoto aliyechanjwa bado anahitaji chandarua anaweza kujibiwa kwa kidole juu ya mshale huu mmoja.

Siku za kungoja ndani ya mbu

Umebaki mshale ambao wachoraji huupa nafasi ndogo kuliko yote: ule wa kutoka kifuko cha tumboni hadi tezi za mate. Ross aliuona kwa siku nne na siku tano. Haukuthaminiwa ipasavyo hadi miaka ya 1950, wakati George Macdonald alipoanza kuhesabu.

Hesabu yake ina msingi rahisi. Mbu aliyenyonya vimelea leo hawezi kuambukiza kesho. Ni lazima aishi hadi vimelea vikomae, na maisha ya mbu ni mafupi. Swali basi si kuna mbu wangapi, bali ni wangapi wanaofikia umri huo. Muda wa kukomaa hutegemea joto. Kwa falsiparamu hutumika kanuni iliyoenezwa na Detinova mwaka 1962, ambayo inagawanya 111 kwa tofauti kati ya wastani wa joto na nyuzi 16:

n = 111 / (T − 16)

Katika nyuzi 25 za selsiasi jibu ni siku 12 na kitu. Katika nyuzi 20 ni siku 28. Katika nyuzi 16 hakuna jibu, maana yake ni kwamba vimelea havikomai kamwe. Homa ya Wasambaa iliyopatikana chini na kuuguzwa juu inaelezwa na mstari huo mmoja.

Tuchukue sasa mbu mia moja walioambukizwa leo, na tuseme kila siku tisa kati ya kumi hunusurika. Katika nyuzi 25, baada ya siku 12, watakuwa wamebaki 28 wanaoweza kuambukiza. Katika nyuzi 20, baada ya siku 28, watakuwa wamebaki watano tu. Sasa nyumba zikapulizwa dawa ukoko, na kiwango cha kunusurika kwa siku kikashuka kutoka tisa hadi nane kati ya kumi. Badiliko hilo ni dogo. Mtu aliyelala ndani ya nyumba huenda asilione. Katika nyuzi 25 wanaofika siku ya 12 wanashuka kutoka 28 hadi saba, yaani robo. Katika nyuzi 20 wanaofika siku ya 28 wanashuka kutoka watano kati ya mia hadi wawili kati ya elfu, chini ya sehemu moja ya ishirini na tano. Kinga ni ileile, dawa ni ileile, lakini nguvu yake imezidi mara kadhaa kwa sababu mbu amelazimika kungoja muda mrefu zaidi, na kila siku ya kungoja ni siku ya hatari.

Hesabu hii ina mipaka yake. Joto la nyumba yenye moto wa kuni si joto la kituo cha hali ya hewa, na mbu anayepumzika juu ya ukuta wa nyumba hiyo huivisha vimelea haraka kuliko jedwali linavyosema. Pia mbu hafi kwa kiwango kimoja umri wake wote. Lakini mwelekeo hauna shaka, na majaribio mawili ya kanda hii yanaonesha hivyo.

Pare, Taveta na Kigezi

Kati ya katikati ya miaka ya 1950 na mwaka 1959, Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani iliendesha jaribio la Pare, Tanganyika, na Taveta, Kenya. Nyumba zilipulizwa dieldrini kwa awamu kwa miaka kadhaa. Mbu aina ya Anofelesi funestasi, ambaye hupenda kuingia ndani, kunyonya watu na kupumzika ukutani, alitoweka takriban kabisa. Vimelea katika damu za watoto vilipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa takriban nusu. Lakini uambukizaji haukukoma. Anofelesi gambiae alipungua bila kuisha, kwa kuwa sehemu yake hunyonya mifugo na kupumzika nje, mahali ambapo ukuta wenye dawa haumfikii. Katika joto la nyanda zile, wachache waliosalia walitosha kuufunga mzunguko. Upulizaji uliposimama, malaria ilipanda tena hatua kwa hatua.

Huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, Julian de Zulueta na wenzake, akiwemo Mganda George Kafuko, walijaribu tangu mwaka 1959 upulizaji wa DDT majumbani pamoja na ugawaji wa dawa za kumeza. Katika nyanda hizi za juu matokeo yalikuwa ya kipekee: vimelea vilikaribia kutoweka katika damu za watoto na uambukizaji ukakatika. Si sahihi kusema kwamba DDT iliishinda dieldrini. Dawa za kumeza zilisaidia kwa kusafisha nusu ya mtu wakati nusu ya mbu ikishambuliwa. Lakini tofauti kubwa ilikuwa mahali. Kigezi mbu alitakiwa kungoja muda mrefu zaidi, na pigo lilelile likawa kubwa mara nyingi.

Tatizo ni kwamba mafanikio ya Kigezi yalisomwa na wengi kama ushahidi kuhusu dawa, na hivyo yakatazamiwa kurudiwa popote. Yangesomwa kama ushahidi kuhusu urefu wa mshale, yangetoa pia onyo la upande wa pili: mshale unaorefushwa na baridi hufupishwa na joto. Nyuzi mbili zikiongezeka juu ya 20, siku 28 hushuka hadi 18 na nusu. Nyuzi mbili hizohizo juu ya 25 hupunguza siku mbili na kitu tu. Nyanda za juu za Uganda, Rwanda na Burundi ndizo zinazobadilika upesi zaidi mwaka wa joto na mvua nyingi unapofika, kama ilivyotokea Kabale katika mlipuko uliofuata mvua za El Ninyo za mwaka 1997 na 1998. Wakazi wasiozoea vimelea hawana kinga ya mwili, na kwa hiyo wakubwa huugua vibaya kama watoto.

Chandarua kiko wapi?

Turudi kwenye picha ya chandarua iliyobandikwa juu ya mshale wa mbu kwenda kwa mtu. Picha hiyo ni sahihi kwa chandarua cha kawaida. Kinamtenga mtu na mbu, na kazi yake inaishia pale kinapotoboka. Chandarua chenye dawa kina kazi ya pili ambayo haiko hapo. Mbu humhitaji mtu kila baada ya siku mbili au tatu ili apate damu ya kutagia mayai. Katika siku 12 za kungoja atarudi takriban mara nne. Kama kila anaporudi na kugusa chandarua ana nafasi nusu kwa nusu ya kufa, atakayevuka mara zote nne ni mmoja kati ya kumi na sita, mbali na wale wanaokufa kwa sababu nyingine. Picha ya pili ya chandarua inapaswa kuwekwa ndani ya mbu, juu ya mshale wa kifuko hadi tezi za mate. Hapo ndipo kinapomlinda hata jirani asiye na chandarua.

Tofauti hiyo ina uzito wa bajeti. Mbu wakijenga usugu dhidi ya dawa za kundi la pairethroidi, picha ya kwanza inabaki na ya pili inafutika. Takwimu za ugawaji hazitabadilika: kaya zitakuwa na vyandarua vilevile, na asilimia ya wanaolala ndani yake itakuwa ileile. Kitakachobadilika ni umri wa mbu, ambao dodoso la kaya haliuulizi. Jaribio la Muleba mkoani Kagera, lililochapishwa mwaka 2018, lililinganisha vyandarua vya kawaida vyenye dawa na vile vilivyoongezewa piperonili butoksidi, kemikali inayouzuia mwili wa mbu kuivunja dawa. Watoto wa vijiji vilivyopata aina ya pili walikuwa na maambukizi machache zaidi. Vitambaa vilikuwa na matundu sawa ya kumzuia mbu. Kilichorudishwa ni kifo chake baada ya kuuma.

Kwa mwandishi wa miongozo ya Kiswahili, kazi inayofuata si kubwa. Mjadala wa istilahi umejikita kwa muda mrefu kwenye majina: kama sporozoiti itoholewe au ipewe jina la Kibantu, kama ookineti inahitaji neno lake. Mjadala huo una faida zake, lakini mhudumu wa afya wa kijiji hakosi kinga kwa kukosa jina la ookineti. Kinachokosekana pembeni mwa mishale ni tarakimu. Kwenye ini: siku sita hadi saba. Kwenye chembe nyekundu: saa 48 kwa kila mzunguko. Gametosaiti kukomaa: siku 10 hadi 12. Na ndani ya mbu, mahali ambapo leo pameandikwa neno moja tu la hatua, paandikwe mistari miwili, mmoja kwa pwani na mabonde na mwingine kwa milimani: siku 12 katika nyuzi 25, siku 28 katika nyuzi 20.